Kipimo cha Sharpe: 2.08 ya mikopo dhidi ya 0.69 ya hisa

*"Nina duka la vitambaa Kariakoo na akiba ya shilingi milioni 20. Ninalinganisha njia mbili. Ya kwanza ni hisa za kampuni sita za Soko la Hisa la Dar es Salaam, ambazo nazipanga upya kila robo mwaka. Ya pili ni kampuni ya jamaa wanaokopesha wafanyabiashara wa Kariakoo kwa dhamana ya mzigo. Sisi tulioweka fedha tunatumiwa hesabu kila mwisho wa mwezi. Nimechukua miezi 24 ya kila upande, nikatoa asilimia 0.6 kwa mwezi kama riba ya dhamana za Serikali, nikagawanya kwa mchepuko sanifu. Hisa zina wastani wa asilimia 1.6 na mchepuko wa 5.0. Mikopo ina wastani wa 1.2 na mchepuko wa 1.0. Kwa mwaka kipimo cha Sharpe cha hisa kimetoka 0.69 na cha mikopo 2.08. Rafiki yangu anayefanya kazi benki anasema chochote kinachozidi 2 ni dhahabu. Je, nihamishe zote?"*

Usihamishe zote. Kugawanya umegawanya vizuri: hisa zina faida ya ziada ya asilimia 1.0 kwa mwezi, ambayo ukiigawanya kwa 5.0 unapata 0.20, na ukizidisha kwa kipeuo cha pili cha 12, yaani 3.46, inakuja 0.69. Mikopo ni 0.6 kugawanya kwa 1.0, mara 3.46, sawa na 2.08. Hapo huna deni. Mashaka yangu yapo kwenye ile 1.0 ya mchepuko wa mikopo, yaani namba inayoonyesha faida za kila mwezi zinavyoyumba mbali na wastani wake. Ndiyo iliyoipandisha 2.08 hadi hapo, kwa sababu faida yenyewe ya mikopo ni ndogo kuliko ya hisa.

Mchumi wa Marekani William Sharpe alipokitoa kipimo hiki mwaka 1966, alikitumia kupima mifuko 34 ya uwekezaji wa pamoja ya Marekani kwa miaka ya 1954 hadi 1963. Ilikuwa mifuko yenye hisa nyingi zinazouzwa kwenye soko la wazi, na thamani yake ilijulikana kwa bei za soko hilo. Swali lake lilikuwa finyu: mtu anayechagua mfuko mmoja na kuuchanganya na dhamana za Serikali, kwa kila asilimia moja ya kuyumba anayokubali kuibeba, analipwa faida ya ziada kiasi gani? Ndani ya swali hilo kuna mambo yanayochukuliwa kuwa kweli bila kutajwa. Bei unazozisoma ziwe ndizo ambazo mtu angeweza kuuzia siku ile. Miezi uliyonayo iwe imeonyesha tabia ya kitu hicho, mbaya na nzuri. Na kitu hicho kiwe ndicho utajiri wako wote wenye hatari. Hisa zako zinakaribia kuyatimiza mawili ya kwanza. Mikopo ya Kariakoo haitimizi hata moja.

Anza na bei. Hisa ikiporomoka Jumanne, Jumanne hiyo hiyo unaliona jeraha kwenye taarifa ya soko. Mkopo hauna bei ya soko, una mhasibu. Tuseme mfanyabiashara aliyekopeshwa milioni 10 amekwama mwanzoni mwa Machi, mzigo wake hautembei na yeye hapokei simu. Mwisho wa Machi kitabuni bado anasomeka anadaiwa milioni 10, na riba ya mwezi inaongezwa juu. Akifikisha siku 30 za kuchelewa, mhasibu anatenga kiasi kidogo kwa ajili ya hasara. Akifikisha 60, anaongeza. Akifikisha 90, huenda akafuta nusu. Hasara iliyotokea Machi imeingia kwenye hesabu kwa vipande hadi Juni, na kila kipande kimemezwa na riba ya wakopaji wengine waliolipa vizuri. Si lazima awepo aliyekudanganya, maana vitabu vingi vya mikopo huandikwa hivyo. Lakini wewe unapopima mchepuko wa hesabu hizo, unapima jinsi mhasibu anavyoigawa hasara, huku hatari uliyoibeba ikiwa kubwa zaidi ya hapo.

Alama ya jambo hili inaonekana kirahisi. Hasara inapogawanywa kwenye miezi kadhaa, mwezi unaanza kufanana na mwezi uliotangulia: mzuri hufuatwa na mzuri, dhaifu hufuatwa na dhaifu. Kwenye bei za soko lenye wauzaji na wanunuzi wengi, mwezi uliopita haukuambii mengi kuhusu huu. Kwa hiyo, kama faida za mikopo zipo safu ya C kuanzia mstari wa 2 hadi wa 25, andika kwenye Excel:

```
=CORREL(C3:C25,C2:C24)
```

Fomula hiyo inalinganisha kila mwezi na ule uliokuja kabla yake. Kwa miezi 24, jibu lililo kati ya −0.4 na 0.4 linaweza kuwa bahati tupu, hivyo usilitafsiri. Likivuka 0.4, amini kwamba hesabu zimelainishwa. Sijaona safu yako, kwa hiyo nitaendelea na 0.6, namba isiyo ya ajabu kwa kitabu cha mikopo. Wewe weka ya kwako.

Ukishaijua namba hiyo, unaweza kujaribu kuirudisha faida ya kila mwezi ilivyokuwa kabla ya kulainishwa. Chukua faida ya mwezi huu, ondoa 0.6 ya faida iliyoandikwa mwezi uliopita, kisha gawanya kwa kilichobaki ukitoa 0.6 kwenye 1, yaani 0.4. Kwenye safu mpya ya D, kuanzia mstari wa 3 na kushuka chini:

```
=(C3-0.6*C2)/0.4
```

Tazama inavyofanya kazi. Kampuni imekuandikia 1.2 mwezi uliopita na 0.2 mwezi huu. Kwa macho, mwezi huu ulikuwa mzito kidogo lakini bado mna faida. Ukiuweka kwenye fomula: 0.6 mara 1.2 ni 0.72, 0.2 ukitoa 0.72 ni hasi 0.52, gawanya kwa 0.4 unapata hasi 1.3. Mwezi ulioandikwa faida ya asilimia 0.2 ulikuwa, kwa makadirio haya, mwezi wa hasara ya asilimia 1.3. Kampuni iliulipia kwa faida ya miezi iliyopita.

Wastani haubadiliki sana baada ya kazi hii, maana hasara haijaongezwa wala kupunguzwa, imerudishwa tu kwenye tarehe yake. Kinachobadilika ni mchepuko. Kwa namba ya 0.6, mchepuko halisi ni mara mbili ya ulioandikwa, kwa hiyo 1.0 yako inakuwa 2.0. Faida ya ziada ya 0.6 ukiigawanya kwa 2.0 unapata 0.30 kwa mwezi, na kwa mwaka 1.04. Nusu ya 2.08 imeondoka na hakuna mkopo hata mmoja ulioharibika zaidi ya ulivyokuwa jana.

Hapo hapo unaona kwa nini kuzidisha kwa 3.46 ni hatari kwenye hesabu za namna hii. Kipeuo cha pili cha 12 kinafaa pale tu ambapo kila mwezi unajitegemea. Miezi ikishikana mikono, kuyumba kwa mwaka mzima kunakuwa kukubwa kuliko fomula inavyosema, na kipimo cha mwaka kinatoka kimevimba.

Fanya jaribio hilo hilo kwa hisa zako pia. Kwenye soko letu kuna kampuni ambazo siku kadhaa hupita bila hisa zake kuuzwa, na bei unayoisoma ni ya mauzo ya mwisho, pengine ya wiki iliyopita. Kwa hesabu za kila mwezi athari yake kwa kawaida ni ndogo kuliko ya mikopo, ila kama mbili au tatu kati ya sita zako ni za aina hiyo, 5.0 yako nayo imepungua kidogo. Na hakikisha gawio lipo ndani ya 1.6. Wengi huchukua mabadiliko ya bei peke yake, kisha wanalinganisha na mikopo ambayo riba yake yote imehesabiwa. Hapo hisa zinaonewa.

Fomula ya kurudisha mwezi nayo ina mpaka wake, na mpaka huo unauma. Inadhani mhasibu hulainisha kwa kiwango kile kile kila mwezi. Kuna tabia ambayo haiwezi kuikamata kabisa: mkopaji aliyeshindwa anapewa mkopo mpya ili alipe wa zamani. Kitabuni mkopo wa zamani umelipwa kwa wakati, safi kabisa, na hasara haijaingia mwezi wowote kati ya 24 ulionao. Huwezi kurudisha kwenye tarehe yake hasara isiyoandikwa. Hapo Excel imefika mwisho, na kinachotakiwa ni karatasi: orodha ya mikopo, tarehe ya kila mmoja, na mingapi ilitolewa kwa mtu ambaye mkopo wake uliopita ulifungwa wiki hiyo hiyo.

Sasa tuchukue kwamba 1.04 na 0.69 ni makadirio bora tuliyonayo. Je, mikopo imeshinda? Hapa ndipo watu wengi, hata walio na vyeti, hukimbilia kusema ndiyo. Kipimo cha Sharpe ni makadirio kutoka kwenye sampuli, na sampuli ya miezi 24 ni ndogo mno. Ukubwa wa kosa lake unakadiriwa hivi: chukua kipimo cha mwezi, kiinue kwa kipeo cha pili, gawanya kwa 2, ongeza 1, gawanya kwa idadi ya miezi, kisha tafuta kipeuo cha pili. Kwa hisa: 0.20 mara 0.20 ni 0.04, nusu yake 0.02, ongeza 1 ni 1.02, gawanya kwa 24 ni 0.0425; kipeuo chake ni 0.206. Zidisha kwa 3.46 upate ya mwaka: 0.71.

Kwa hiyo kipimo cha hisa zako ni 0.69, na kosa la kawaida la 0.71. Ukienda makosa mawili kila upande, kama wafanyavyo watakwimu, unapata uwanja wa kutoka hasi 0.7 hadi 2.1. Isome tena hiyo namba ya juu. Ile 2.08 iliyomfanya rafiki yako aone dhahabu imo ndani ya uwanja wa hisa ulizotaka kuziacha. Mikopo baada ya kurekebishwa ina uwanja wa hasi 0.4 hadi 2.5. Viwanja viwili hivi vinalaliana karibu kote.

Tofauti yao ni 0.35, na kosa la tofauti hiyo, kama njia mbili hizi haziendi pamoja, ni takriban 1.0. Ili tofauti ya 0.35 ionekane kwa uhakika wa kawaida wa kitakwimu ungehitaji kama miaka 65 ya kumbukumbu, na katika miaka hiyo yote kampuni na soko vingepaswa kubaki na tabia ile ile. Hata kama tungeikubali 2.08 bila marekebisho yoyote, tofauti yake na hisa ingekuwa 1.39 dhidi ya kosa la 1.05, ambayo bado haitoshi. Kwa miezi 24 hakuna mtu, awe wa benki au wa wapi, anayeweza kusema kwa kipimo hiki ipi kati ya njia zako ni bora. Na fomula hii ya kosa imekuwa mpole kwako, kwa kuwa inadhani faida zinasambaa kwa ulinganifu juu na chini ya wastani. Za mikopo hazisambai hivyo.

Mkopo mzuri unakulipa riba yake, basi. Mwaka ukiwa mzuri ajabu mkopaji hakuongezei. Mkopo mbaya unaweza kuchukua mtaji wote. Umbo la faida zake ni miezi mingi midogo iliyo sawasawa, halafu mara moja moja shimo. Mchepuko sanifu uliopimwa katika kipindi ambacho shimo halijatokea unakuwa mdogo sana, na kugawanya kwa namba ndogo sana kunatoa kipimo kikubwa sana. Kwa njia za uwekezaji za umbo hili, kipimo cha Sharpe kinapendeza zaidi kadiri shimo linavyochelewa kuonekana.

Weka mwezi wa 25 wa hasara ya asilimia 10 pande zote mbili, halafu linganisha. Upande wa hisa, faida ya ziada ya wastani inashuka kutoka 1.0 hadi 0.54, mchepuko unapanda kutoka 5.0 hadi 5.4, na kipimo cha mwaka kinatoka 0.69 kwenda 0.34. Kimepungua kwa nusu, inaumiza lakini inaeleweka. Upande wa mikopo, kwa hesabu za kitabuni ulizonazo, faida ya ziada inashuka kutoka 0.6 hadi 0.15, mchepuko unaruka kutoka 1.0 hadi 2.4, na kipimo kinaanguka kutoka 2.08 hadi 0.22. Mwezi mmoja kati ya 25 umekula karibu kila kitu. Kipimo kinachoweza kuangushwa hivyo na mwezi mmoja hakikuwa kimeijua hatari yenyewe.

Hasara ya asilimia 10 kwa mwezi haihitaji maafa makubwa. Kama kampuni ina wakopaji kumi wanaolingana na wawili wakakimbia, na mzigo wa dhamana ukauzwa kwa nusu ya deni, umeshafika hapo. Na Kariakoo wakopaji hawashindwi mmoja mmoja kwa zamu. Moto wa Soko la Kariakoo wa Julai 2021 ungeweza kuchukua biashara ya mkopaji na mzigo uliowekwa dhamana kwa usiku mmoja. Mgomo wa wafanyabiashara wa Mei 2023 ulifunga maduka ya wote kwa pamoja, waliokopa na wasiokopa. Kwa hiyo uliza kama ndani ya miezi yako 24 kuna tukio lolote la namna hiyo. Kama hakuna, umepima barabara wakati wa kiangazi tu.

Wapo watakaokushauri utumie kipimo cha Sortino, kinachogawanya kwa kuyumba kwa upande wa chini peke yake. Wazo lake ni zuri kwa vitu vinavyoruka juu mara kwa mara. Kwako halitasaidia. Kama miezi mibaya haimo kwenye safu, Sortino atakuwa na kitu kidogo zaidi cha kugawanyia, na ataipamba mikopo kuliko hata Sharpe.

Kuna jambo lingine kuhusu kuwa na kipimo kikubwa huku faida ikiwa ndogo. Mikopo inakupa 0.6 ya ziada, hisa 1.0. Nadharia inasema usijali: chenye kipimo kikubwa unaweza kukiongeza kwa fedha za kukopa mpaka kiyumbe sawa na kingine, nawe utapata faida zaidi. Ili mikopo ikupe 1.0 ya ziada ingebidi uweke milioni 33 badala ya 20, na hizo 13 uzikope kwa asilimia 0.6 kwa mwezi, riba ile ile ya dhamana za Serikali. Hakuna benki ya Dar itakayokukopesha kwa bei hiyo. Ukikopa kwa 1.4 kwa mwezi ili uweke kwenye kitu kinacholipa 1.2, kila shilingi laki moja ya mkopo inakupotezea 200 kila mwezi. Basi kwa mtu asiyeweza kukopa kwa riba ya Serikali, ubora huo wa kipimo haugeuki kuwa fedha mfukoni. Kinachobaki ni swali la kawaida: je, unahitaji utulivu zaidi au faida zaidi, na utulivu huo ni wa kweli?

Upande mwingine wa nadharia unafanya kazi vizuri hapa mjini. Ukiona hisa zinayumba mno, weka nusu kwenye hisa na nusu kwenye dhamana za Serikali. Faida ya ziada inakuwa 0.5, mchepuko 2.5, na kipimo kinabaki 0.69 vile vile. Kwa bei hiyo umepata kitu chenye kuyumba kunakokaribia mikopo iliyorekebishwa, na faida ya ziada iliyo chini yake kwa 0.1 tu kwa mwezi, bila kumtegemea mkopaji yeyote. Mimi ningelinganisha mikopo na mchanganyiko huu, badala ya kuilinganisha na hisa tupu.

Nimeliacha mwisho jambo ambalo kwangu lina uzito kuliko yote, nalo lipo kwenye mstari wako wa kwanza: una duka Kariakoo. Kipimo cha Sharpe kinakitazama kila kitu peke yake, kama vile huna kingine duniani. Wewe unacho. Mwezi ambao wakopaji wa kampuni ile watashindwa kulipa ndio mwezi ambao wateja hawatakuja kununua vitambaa vyako. Utahitaji akiba wakati huo huo ambao akiba imekwama. Hisa sita za soko, hata zikiwa na kipimo cha chini, zinategemea mapato ya benki, viwanda na kampuni zenye wateja nchi nzima. Chukua mauzo ya duka lako kwa miezi ile ile 24, tafuta asilimia ya kupanda na kushuka kwa kila mwezi, kisha yalinganishe kwa `CORREL` na safu ya D ya mikopo, ile iliyorekebishwa, halafu na hisa. Kama mikopo inapanda na kushuka na duka lako, basi 1.04 yake kwako ina thamani ndogo kuliko 1.04 ya mtu anayelipwa mshahara Dodoma.

Kama bado unaitaka mikopo, na unaweza kuwa na sababu nzuri, kiasi chake usikitafute kwa kipimo hiki. Kitafute kwa hasara. Jiulize ni shilingi ngapi ungeweza kupoteza bila duka kuyumba. Tuseme milioni 1.5. Kisha fikiria mwaka mbaya wa kweli, si mwezi: wakopaji kadhaa pamoja, dhamana ikauzwa kwa bei ya kutupa. Ukiuweka mwaka huo kuwa hasara ya asilimia 30, basi milioni 1.5 gawanya kwa 0.30 ni milioni 5. Hizo ndizo za juu kabisa kuingia huko, na zilizobaki zikae kwenye hisa na dhamana za Serikali kwa mgao unaokuruhusu kulala.

Kabla ya hata hizo 5, iombe kampuni vitu vinne kwa maandishi: orodha ya mikopo iliyochelewa siku 30, 60 na 90, mkopaji mkubwa kuliko wote anashika asilimia ngapi ya fedha zote, mzigo wa dhamana unahifadhiwa kwenye maghala gani na una bima ya moto au hauna, na ukitaka fedha zako leo, unazipata baada ya siku ngapi. Jibu la hilo la mwisho likiwa "inategemea", basi mchepuko wowote uliokokotoa hauna maana kubwa, kwa sababu hapakuwa na siku ambayo ungeweza kuuza kwa bei uliyoandikiwa.

Mambo mawili hayatatuliki kwa kuandikiana. La kwanza ni uhalali. Biashara ya kukopesha iko chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, na kampuni inatakiwa ikuonyeshe leseni yake. Kukusanya fedha za watu wengi kwa uwekezaji wa pamoja ni jambo linaloihusu Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana. Usiridhike na picha ya leseni kwenye simu. Nenda ukaulize kwa mamlaka husika. La pili ni mkataba wako na kampuni hiyo: kama wewe ni mwanahisa, mkopeshaji wao au mshirika katika kila mkopo. Hiyo inaamua nani analipwa kwanza siku mambo yakiharibika, na inahitaji wakili aisome karatasi yenyewe. Ukienda kwa mshauri wa uwekezaji mwenye leseni, mpelekee safu zote mbili za miezi 24, safu ya D, mauzo ya duka na yale majibu manne. Akianza kwa kukuuliza kipimo cha Sharpe ni ngapi kabla ya kuuliza bei za mikopo zimetoka wapi, tafuta mwingine.